Jinsi ya kutambua tangazo lililovaa sura ya habari: mwongozo kamili

Mwishoni mwa Machi 2015, watu waliokuwa wakipitia Instagram nchini Marekani walianza kukutana na gauni moja kila walikogeuka. Lilikuwa na nakshi za korosho kama zile tuzionazo kwenye kanga, na lilivaliwa na wanawake mashuhuri wa mitindo 50, kila mmoja kwa mkao wake, mahali pake na maneno yake. Jarida la mitindo la Nylon nalo liliandika makala kuhusu toleo la nguo lililokuwa na gauni hilo na kuweka picha ya gauni lilelile kwenye ukurasa wake. Ndani ya siku mbili picha za wanawake hao zilikuwa zimewafikia watu milioni 11.4, na muda si mrefu gauni likaisha dukani.

Mwaka uliofuata, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, inayojulikana kama FTC, ilieleza yaliyokuwa nyuma ya pazia. Kampuni ya maduka ya nguo ya Lord & Taylor ilikuwa imempa kila mmoja wa wale 50 gauni la bure na malipo ya kati ya dola 1,000 na 4,000. Mkataba uliwataka wataje akaunti ya kampuni na waweke alama ya reli `#DesignLab`, lakini haukuwataka waseme kwamba wamelipwa. Kila chapisho lilipitiwa na kuidhinishwa na kampuni kabla ya kuwekwa hadharani. Makala ya Nylon nayo ilikuwa imelipiwa na kuidhinishwa vivyo hivyo. Msomaji hakuambiwa lolote kati ya hayo.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu nyaraka zake ziko wazi, hivyo tunaweza kupima kila hatua ya mwongozo huu kwa kujiuliza: je, mtu mwenye simu tu mkononi angeweza kugundua nini siku zile? Katika hatua zote tutakuwa tunatafuta majibu ya maswali mawili: nani alilipa, na nani alikuwa na neno la mwisho juu ya kilichoandikwa. Ubora wa maandishi hauwezi kukujibu. Makala za kulipiwa mara nyingi huandikwa na watu hodari sana, tena ndani ya vyombo vya habari vyenyewe, na zinaweza kuwa safi kuliko habari iliyo kando yake.

Hatua ya kwanza: itafute lebo, kisha isome maneno yake

Wengi wetu tunaamini kwamba kama kungekuwa na lebo, tungeiona. Watafiti wawili wa Marekani, Bartosz Wojdynski na Nathaniel Evans, walilijaribu hilo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016. Waliwaonyesha watu 242 ukurasa wa habari uliokuwa na makala ya kulipiwa, yenye lebo. Waliotambua kwamba ni tangazo walikuwa 17. Katika jaribio la pili walifuatilia mwendo wa macho. Lebo ilipowekwa juu kabisa ya makala, ambako ndiko huwekwa mara nyingi, ni asilimia 40 tu ya wasomaji walioitazama. Ilipowekwa katikati ya maandishi, asilimia 90 waliitazama, na ilipowekwa chini, asilimia 60.

Sababu yake ni mazoea. Miaka mingi ya mabango ya matangazo juu ya kurasa imeyafundisha macho yetu kuruka eneo lile na kushukia moja kwa moja kwenye kichwa cha habari. Kwa hiyo ukifungua makala yoyote inayosifu bidhaa, benki, hospitali au mradi wa nyumba, rudisha macho juu ya kichwa cha habari kwa makusudi. Angalia palipo jina la mwandishi, chini ya picha kubwa, kisha telemka hadi aya ya mwisho. Lebo huwa katika mojawapo ya sehemu hizo nne, mara nyingi kwa rangi ya kijivu na herufi ndogo kuliko maandishi mengine.

Ukiipata, pima maneno yake. Katika utafiti uleule, lebo zilizotumia neno tangazo au kudhaminiwa zilieleweka vizuri zaidi kuliko zile za kuzunguka, kama “imeletwa kwako na”. Kwetu maneno ya kuzunguka ni mengi: “kwa hisani ya”, “kwa ushirikiano na”, “makala maalumu”, “mdau wetu”, “toleo maalumu la maadhimisho”. Hakuna hata moja linalokuambia kwamba pesa imetolewa, wala kwamba mtoaji ndiye aliyeandika. Ukikutana na mojawapo, lichukue kama ishara ya kuendelea na hatua zinazofuata.

Kwenye mitandao ya kijamii lebo ina njia zake za kujificha. Instagram hukata maelezo marefu na kukutaka ubonyeze `more` ndiyo uone yaliyobaki, kwa hiyo `#ad` iliyowekwa mwishoni, katikati ya alama za reli 15 nyingine, ni kama haipo. Mwaka 2017 FTC iliwaandikia zaidi ya barua 90 watu mashuhuri na kampuni kuwakumbusha kwamba tamko la malipo lionekane kabla ya mkato huo. Pia imekwisha kusema kwamba vifupisho kama `#sp` na maneno kama `collab` hayatoshi, kwa sababu mtu wa kawaida hajui yana maana gani.

Kwa kisa chetu, hatua hii isingezaa kitu. Hakukuwa na lebo hata moja.

Hatua ya pili: rudi kwenye chanzo, hasa kama kimekufikia kwa WhatsApp

Lebo nyingi hufia njiani wakati makala inasambazwa. Unapobandika kiungo WhatsApp au Facebook, programu haisomi ukurasa mzima. Huchukua vipande vichache vilivyoandaliwa ndani ya ukurasa kwa kazi hiyo, navyo ni kichwa cha habari, muhtasari na picha. Ukifungua ndani ya ukurasa utaviona hivi:

```html
<meta property="og:title" content="Familia 5 zilizojenga bila mkopo mkubwa">
<meta property="og:image" content="https://.../nyumba.jpg">
```

Neno “tangazo” halimo humo, isipokuwa mhariri ameliandika kwa makusudi ndani ya kichwa chenyewe. Kwa hiyo makala iliyokuwa na lebo halali kwenye tovuti inafika kwenye kundi la familia ikiwa uchi, na anwani ya tovuti ya gazeti unaloliamini ikiwa pale chini kuithibitisha. FTC katika mwongozo wake wa mwaka 2015 inawataka wachapishaji wahakikishe tamko linabaki hata makala inaposambazwa. Hilo ni gumu kutimia kama halikupangwa tangu mwanzo.

Usihukumu kwa kile kilichoonekana kwenye kundi. Fungua kiungo, kisha soma anwani ya ukurasa: maneno kama `sponsored`, `partner` au `advertorial` ndani ya anwani yanakuonyesha sehemu ya tovuti ambamo makala imehifadhiwa. Soma pia jina la mwandishi. “Na Mwandishi Wetu” si ushahidi wa chochote, maana magazeti yetu hulitumia hata kwa habari za kweli za mahakamani. Lakini bonyeza jina, likibonyezeka. Mwandishi ambaye kazi zake zote zinahusu kampuni tatu tu, na zote kwa sifa, huenda si mwandishi wa habari wa chombo hicho.

Hatua ya tatu: chunguza viungo vilivyomo ndani

Hapa ndipo watu wengi hawafiki, ilhali ndipo penye alama zilizo ngumu kufichika. Anayelipia makala anataka kujua imemletea wateja wangapi, na ili ajue hilo ni lazima aweke alama kwenye kiungo. Kwenye simu, bonyeza kiungo bila kuachia mpaka anwani itokee, au kinakili ukibandike mahali pa kuandikia. Ukiona mkia wa namna hii, soma polepole:

```
?utm_source=gazeti&utm_medium=advertorial&utm_campaign=uzinduzi_juni
```

Hizo ni alama za kuhesabia wageni. Kiungo hiki kinasema mgeni ametoka gazetini, kupitia makala ya kulipiwa, katika kampeni ya uzinduzi wa Juni. Si kila `utm` ni tangazo, maana tovuti huziweka hata kwenye barua pepe zao za kila wiki. Unachotafuta ni jina la kampeni, na neno linaloeleza aina ya maudhui.

Alama ya pili imo ndani ya ukurasa. Tangu mwaka 2019 Google imewaambia wenye tovuti waweke neno maalumu kwenye viungo vilivyolipiwa, ili visihesabike kama sifa ya kweli katika matokeo ya utafutaji. Kwenye kompyuta bonyeza `Ctrl+U`. Kwenye simu ya Android yenye Chrome, andika `view-source:` mbele ya anwani ya ukurasa. Kisha tafuta neno `sponsored`. Unaweza kukuta hivi:

```html
<a href="https://..." rel="sponsored">agiza hapa</a>
```

Maana yake ni kwamba mwenye tovuti ameiambia Google jambo ambalo huenda hakumwambia msomaji wake. Lakini usivuke mpaka. Neno hilo hutumika pia kwa viungo vya kamisheni, pale mwandishi anapopata asilimia ukinunua, ingawa maoni aliyoandika ni yake mwenyewe. Na lisipokuwepo, hujathibitisha kwamba hakuna malipo, kwa kuwa wengi hawafuati agizo hilo.

Msimbo wa punguzo wenye jina la mtu ni alama ya aina hiyohiyo. Anayekuambia utumie jina lake upate punguzo ana makubaliano na muuzaji, hata kama hajayataja.

Hatua ya nne: linganisha na wengine

Hatua hii ndiyo ambayo ingelifichua gauni la 2015. Chapisho moja la mtu aliyevaa gauni zuri halina ajabu. Hamsini wanaovaa gauni lilelile, wikiendi ileile, wakitaja akaunti ileile na kutumia alama ya reli ileile, hawakukutana kwa bahati. Msomaji ambaye angebonyeza `#DesignLab` na kupanga matokeo kwa tarehe angeuona mpango mzima kwa dakika chache.

Fanya hivyo kwa chochote kinachokutia shaka. Ingia kwenye alama ya reli au jina la bidhaa, kisha tazama mambo matatu: tarehe, sentensi zinazojirudia, na mpangilio wa picha. Watu wakiipenda bidhaa kwa hiari yao, sifa hutawanyika kwa wiki nyingi, na wapo wanaolalamika kuhusu bei au saizi. Sifa za kulipiwa hufika kwa mkupuo, hazina lalamiko, na hurudia sifa mbilitatu zilezile kwa mpangilio uleule, kwa sababu wote walipewa karatasi moja ya maelekezo.

Kwa makala, nakili sentensi ndefu isiyo ya kawaida, iweke ndani ya alama za kunukuu kwenye Google, utafute. Ukiikuta katika tovuti sita, huenda unachosoma ni taarifa kwa vyombo vya habari iliyobandikwa bila kuguswa. Huo ni uvivu wa chumba cha habari, na mara nyingi hakuna pesa iliyotolewa. Tofauti hiyo ni muhimu kabla hujamtuhumu mtu kuuza kalamu yake.

Kisha pitia maktaba ya matangazo ya Meta, `facebook.com/ads/library`, uandike jina la kampuni. Utaona matangazo yanayoendelea wakati huo, na mara nyingine utakuta chapisho la “rafiki yako” wa mtandaoni linasukumwa kwa pesa ya kampuni. Kwetu, matangazo ya kawaida ya biashara yakisimamishwa huondoka humo, kwa hiyo piga picha ya skrini mapema.

Hatua ya tano: tazama video na tamthilia kwa jicho la mpangaji wa vitu

Kuweka bidhaa ndani ya hadithi ni kugumu zaidi kutambua, kwa sababu maisha ya kweli yamejaa bidhaa. Mhusika akinywa soda, lazima awe anakunywa soda fulani.

Angalia kwanza wapinzani wa bidhaa hiyo. Mpishi wa kwenye televisheni mwenye chupa kumi mezani, tisa zimebanduliwa karatasi au kuzibwa kwa utepe na moja nembo yake imegeuzwa sawasawa kuelekea kamera: hiyo moja ndiyo yenye mkataba. Angalia pili kama hadithi imesimama kuisubiri bidhaa. Mazungumzo ya mke na mume yanakatika, simu inainuliwa, programu ya benki inafunguliwa na kila kitufe kinaonyeshwa, halafu ugomvi unaendelea. Jiulize kama tukio lingebadilika chochote sekunde hizo zingetolewa. Angalia tatu orodha ya shukrani mwishoni, ile inayopita kwa kasi huku watu wakibadili chaneli. Simamisha uisome.

Sheria hutofautiana sana. Uingereza iliruhusu uwekaji wa bidhaa kwa malipo katika vipindi vya televisheni zake Februari 2011, kwa sharti kwamba herufi P ionekane kwenye skrini mwanzoni, mwishoni, na kila baada ya mapumziko ya matangazo. Marekani, baada ya kashfa ya miaka ya 1950 ya watangazaji wa redio kuhongwa ili wapige nyimbo fulani, sheria ya mawasiliano ilikazwa mwaka 1960 ili malipo yatangazwe, lakini kwa televisheni jina la aliyelipa linaweza kupita mara moja tu kwenye orodha ya mwisho. YouTube inamtaka mwenye video ya kulipiwa aweke alama, na mtazamaji huona maandishi ya tamko hilo kwa sekunde chache za mwanzo. Ukiingia katikati ya video kwa kiungo cha dakika fulani, ni rahisi kuikosa, kwa hiyo irudishe mwanzo.

Redio zetu zina namna yake. Mtangazaji anacheka na mwenzake kuhusu foleni ya asubuhi, kisha bila sauti kubadilika anasifu mafuta ya gari yaliyomfikisha kazini. Sikiliza siku mbili mfululizo saa ileile. Sifa ya kulipiwa hurudi kwa ratiba, ikiwa na namba ya simu au jina la duka. Maoni ya kweli ya mtangazaji hayarudi saa 1:40 kila siku.

Hatua ya sita: toa hukumu kwa kiwango cha ushahidi ulichonacho

Panga ulichopata. Lebo, tamko la mwandishi au `rel="sponsored"` vinaonyesha kuna fedha. Mkupuo wa sifa, msimbo wa punguzo na majina ya kampeni ni dalili nzito. Sifa nyingi peke yake si kitu, kwa kuwa watu wana haki ya kukipenda kitu.

Ukishajua kuna fedha, bado swali la pili lipo. Januari 2013 jarida la The Atlantic liliweka kwenye tovuti yake makala ya kulipiwa iliyomsifu kiongozi wa kanisa la Scientology. Lebo ilikuwepo, ya rangi ya manjano, juu ya makala. Hasira za wasomaji zilikuwa kubwa hata hivyo, na walipogundua kwamba maoni chini ya makala yalikuwa yakichujwa na kitengo cha masoko, hazikuzuilika. Makala iliondolewa siku hiyohiyo usiku na jarida likaomba radhi. Kwangu mimi hapo ndipo penye uzito. Pesa ikitangazwa, msomaji anaweza kuipunguzia makala thamani kichwani mwake. Lakini hana njia ya kuona kilichokatwa, aliyezuiwa kulalamika, na sentensi iliyobadilishwa na mteja.

Njia pekee ya kulijua hilo ni kuuliza. Mwandikie mwandishi au mhariri kwa heshima, bila kumtuhumu:

“Habari za kazi. Nimesoma makala yenu kuhusu bidhaa fulani. Naomba kujua: je, kuna malipo, zawadi au safari iliyotolewa na kampuni? Je, kampuni iliisoma na kuiidhinisha kabla ya kuchapishwa?”

Weka maswali yote mawili. Ukiuliza la kwanza tu, unaweza kujibiwa “hatukulipwa”, na ikawa kweli kwa fedha taslimu huku simu mpya ya shilingi milioni mbili ikiwa mfukoni. Ukijibiwa la kwanza kwa urefu na la pili likarukwa, chukua kwamba kampuni iliisoma.

Kama wewe ndiye uliyelipwa

Wengi wanaosoma haya wana kurasa zenye wafuasi, na ofa za kampuni zinaanza kuingia. Kabla ya kusaini, tafuta kwenye mkataba kifungu kinachosema chapisho litaidhinishwa na kampuni, na kinachokukataza kutaja makubaliano. Cha pili kikatae. Cha kwanza, kama unakikubali, kimebadilisha kazi yako kuwa tangazo, nawe useme hivyo.

Andika tamko kwenye mstari wa kwanza, kwa lugha unayoongea na wafuasi wako. “Tangazo: kampuni fulani imenilipa kuonyesha gauni hili na iliyapitia maneno yangu” linatosha. Kwa gauni la bure bila fedha: “Nimepewa gauni hili bure na kampuni fulani.” Kwenye video liseme kwa mdomo mwanzoni, na uliandike kwenye skrini kwa muda wa kutosha kusomeka, kwa sababu wapo wanaotazama bila sauti. Washa pia alama ya ubia wa kulipiwa ya mtandao wenyewe, lakini usiitegemee peke yake, kwani mtu akipakua video na kuituma kwingine alama hiyo haiendi nayo. Ndiyo maana kwenye makala ni vizuri neno “Tangazo” liwe ndani ya kichwa chenyewe, ambacho kitachukuliwa na WhatsApp, kisha lirudiwe katikati ya maandishi.

Lord & Taylor walifikia makubaliano na FTC Machi 2016. Hayakuwa na faini, bali yaliiagiza kampuni iache kuyaonyesha matangazo yake kama makala huru, na iweke utaratibu wa kuwafuatilia watu inaowalipa. Katika mikataba ile 50 kulikuwa tayari na sharti la akaunti ya kutaja na sharti la alama ya reli. Sharti la tatu, la kusema wamelipwa, lingehitaji mstari mmoja tu.